Kosa hili linavutia upande gani? Jinsi nilivyowajibu walimu wasomaji wa memwari yangu

Memwari yangu ya kuhitimu chuo ilirudi siku ya Ijumaa ndani ya bahasha ya kaki yenye doa la chai. Nilikuwa nimewapa walimu wasomaji wawili rasimu, na sasa nilikuwa na maoni 23: mengine kwa kalamu nyekundu pembeni mwa kurasa, mengine kwenye karatasi mbili zilizobanwa mwishoni. Niliyasoma nikiwa nimesimama pale Nyawera nikisubiri pikipiki. Nilipofika nyumbani nilikuwa tayari nimewajibu wote wawili kichwani, kwa hasira, tena kwa Kifaransa kizuri ambacho sikuwahi kukiandika hata siku moja.

Kabla ya kuingia katika masomo ya fedha niliwahi kuwa ajenti wa krediti katika ushirika mmoja wa akiba na mikopo, hizi ambazo huku Bukavu tunaziita kopeki. Kwa hiyo nilichagua somo nililodhani ninalijua kuliko mwalimu yeyote: mlipuko wa Nyiragongo wa 2021 uliwafanya nini watu waliokuwa na mikopo Goma. Kopeki hiyo ilikuwa na matawi manne Goma na matatu Bukavu. Volkano ililipuka Jumamosi jioni, Mei 22. Lava ikashuka hadi Buhene, ikasimama kwenye ukingo wa mji. Matetemeko yakaendelea siku nyingi, na Mei 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Wengine walikwenda Sake, wengine Rutshuru, wengine walivuka kwenda Gisenyi, na wengi walipanda meli wakaja kwetu Bukavu. Juni 7 serikali ikatangaza kurudi kwa awamu.

Mbinu yangu ilikuwa rahisi kueleza. Unatazama jinsi wateja wa Goma walivyolipa kabla na baada ya mlipuko, unatazama wateja wa Bukavu katika miezi hiyo hiyo, kisha unatoa badiliko la Bukavu kwenye badiliko la Goma. Kinachobaki unakiita athari ya mlipuko. Data zangu zilianza Januari 2020 na kuishia Oktoba 2021. Rasimu ilisema kwamba ucheleweshaji ulipanda Goma mwezi Juni na Julai, halafu kuanzia Agosti ukarudi kama zamani. Niliandika sentensi niliyoipenda sana: wateja wa Goma walijikwamua ndani ya miezi mitatu.

Msomaji wa kwanza aliipigia mstari sentensi hiyo mara mbili. Pembeni akaandika: "Walijikwamua, au mlibadilisha kalenda?"

Nilikasirika kwa sababu nilielewa mara moja anachosema, na nilikuwa ninakijua tangu zamani. Nilikuwa nimekaa upande ule wa meza.

Kipimo nilichotumia kilikuwa PAR30, ambacho kila kopeki hukitoa mwisho wa mwezi. Unachukua salio lote la mikopo ambayo walau awamu moja imechelewa zaidi ya siku 30, unaligawanya kwa salio la mikopo yote. Ukiwa na mikopo kumi yenye salio la dola 1,000 kila mmoja, na miwili imechelewa hivyo, PAR30 ni asilimia 20. Sasa mkuu wa tawi akiwaita wateja wale wawili, akawapangia ratiba mpya, siku za kuchelewa zinaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri. PAR30 inakuwa sifuri jioni ileile, na hakuna hata dola moja iliyoingia kwenye kasha. Akiufuta mmoja kwenye vitabu, nao unatoka kwenye hesabu. Akitoa mikopo mipya mingi, kigawanyo kinakua na asilimia inashuka, ingawa wadaiwa wa zamani ni walewale.

Sisemi kwamba kupanga upya lilikuwa jambo baya. Mama ambaye duka lake limefungwa wiki mbili na bidhaa zimeibiwa, utamwambia nini? Wenzangu wa zamani walifanya kazi ya kibinadamu. Kosa lilikuwa langu mimi niliyechukua namba iliyotengenezwa kwa ajili ya ripoti ya tawi, nikaitumia kama kipimo cha hali ya mteja.

Nilimpelekea msimamizi wangu daftari ambamo nilikuwa nimeandika majibu. Ni profesa mtu mzima, hapendi maneno mengi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia.

"Binti yangu, hapa umejibu kama mtu aliyetukanwa. Umekataa kumi na tisa, umekubali nne, na hizo nne ni makosa ya tahajia."

"Prof, lakini mengine hawakusoma vizuri."

"Inawezekana. Anza upya. Kila hoja, jiulize kitu kimoja tu: ikiwa msomaji ana haki, kosa hilo linavutia matokeo yako upande gani? Linayakuza au linayapunguza? Ukishajua hapo, njoo tuzungumze nani ana haki."

Nilirudi Kadutu na daftari langu. Usiku ule umeme ulikatika, nikachora mistari mitatu kwa mwanga wa simu: hoja, upande inakovutia, jibu. Hoja ya PAR30 ilikuwa ya kwanza. Madai yangu yalikuwa kwamba watu walipona haraka, na kasoro ya kipimo ilifanya waonekane wamepona haraka kuliko ukweli. Kasoro ilikuwa inanisaidia. Hoja ya namna hiyo haina utetezi. Ukiitetea unatetea kitu kinachokubeba. Nikaandika: nakubali, nitapima upya.

Kupima upya kulinichukua wiki saba, nami nalieleza kidogo kwa sababu wanaofanya memwari juu ya mikopo watalikuta jambo hilihili.

Tatizo la kwanza ni kuijua mikopo iliyopangwa upya. Kwenye faili la Excel nililopewa hapakuwa na safu inayosema "mkopo huu umepangwa upya". Programu ya kopeki ilipoandika ratiba mpya ilifuta ya zamani. Lakini alama zilibaki. Mkopo unaonyesha siku 46 za kuchelewa mwisho wa Julai, na mwisho wa Agosti unaonyesha sifuri, nawe ukifungua orodha ya malipo hukuti risiti yoyote katikati. Mtu hawezi kulipa bila risiti. Alama nyingine ni tarehe ya mwisho wa mkopo inayosogea mbele kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Mikopo yote yenye mojawapo ya alama hizi niliitoa kwenye orodha, nikapanda meli ya usiku hadi Goma, nikaenda kufungua dosie za karatasi. Mle ndani ratiba ya kwanza bado ilikuwapo, imesainiwa, mara nyingine ina alama ya kidole gumba.

Kisha nikatengeneza kipimo changu. Mwisho wa kila mwezi nilichukua jumla ya kilicholipwa tangu mwanzo wa mkopo, nikaigawanya kwa jumla iliyopaswa kulipwa kufikia siku hiyo kwa ratiba ya kwanza, ile ambayo mteja aliisaini kabla ya volkano. Ratiba mpya haiwezi kukigusa.

Katika barua yangu kwa msomaji niliweka mkopo mmoja, kwa sababu niliona kurasa tatu za maelezo hazifanyi kazi ya mfano mmoja. Ulikuwa wa mama mmoja muuza vitenge karibu na soko la Virunga. Tarakimu nimezibadilisha kidogo ili asijulikane, na riba nimeiacha pembeni. Alichukua dola 1,200 Januari 2021, alipe 100 kila tarehe 15 kuanzia Februari. Februari, Machi, Aprili na Mei alilipa. Mwisho wa Mei alikuwa amelipa 400 kati ya 400 zilizodaiwa: asilimia 100. Juni na Julai hakuleta kitu. Mwisho wa Juni kipimo changu kilisema 400 kwa 500, yaani asilimia 80. Mwisho wa Julai 400 kwa 600, karibu asilimia 67, na PAR30 nayo ilimwona, amechelewa siku 46. Mpaka hapo vipimo viwili vinakubaliana. Katikati ya Agosti tawi likampangia upya: salio la 800 alilipe kwa 50 kila mwezi kuanzia Septemba. Mwisho wa Agosti PAR30 inasema hana deni lililochelewa. Kipimo changu kinasema 400 kwa 700, asilimia 57. Septemba alileta 50, Oktoba 50, kwa uaminifu kabisa. PAR30 bado inasema mzima. Kwa ratiba ya kwanza alipaswa kuwa amelipa 900, naye amelipa 500: chini ya asilimia 56.

Yaani katika miezi ambayo rasimu yangu ilisema amejikwamua, alikuwa anazidi kubaki nyuma, polepole, huku akilipa kila mwezi bila kukosa.

Nilimkuta mama huyo mwenyewe, kwa bahati, dukani kwake. Nilimwuliza kama alikuwa amepona kufikia Oktoba ule. Alicheka. "Mwanangu, hamsini ile nilikuwa natoa kwenye mtaji. Pagne zilikuwa zinapungua kwenye rafu, wao wanaona nalipa tu." Sikuliweka hilo kwenye memwari, mtu mmoja si ushahidi. Lakini niliporudi melini nilikuwa nimeshaifuta ile sentensi yangu.

Matokeo mapya yalionyesha pengo kati ya Goma na Bukavu likiendelea hadi Oktoba, bila dalili ya kufungika. Sura ya nne niliiandika upya yote.

Msomaji wa pili alikuwa mkali zaidi, na nusu ya maoni yake nilidhani ni ya kunitesa. Moja lilisema: "Uko wapi kiwango cha dola? Memwari ya fedha Kongo bila kiwango cha ubadilishaji ni mchezo." Namwelewa. Yeyote aliyekuwa na deni la dola huku mwaka 2016 na 2017 anakumbuka dola ilivyotoka chini kidogo ya faranga 1,000 hadi karibu 1,600. Mteja anauza nyanya kwa faranga, anadaiwa kwa dola, anazama bila kosa lolote.

Hapa niliamua kutetea, lakini kwa kuonyesha. Hesabu yangu ina kiashiria cha kila mwezi. Chochote kilichowapata wateja wa Goma na wa Bukavu kwa pamoja katika mwezi fulani, kiwe bei ya dola, bei ya mafuta au sheria mpya ya benki kuu, kimeshatolewa tunapofanya tofauti ya miji miwili. Dola ya Bukavu na dola ya Goma ilikuwa dola moja. Ukilazimisha kuiweka, programu yenyewe inaitupa, kwa kuwa ndani ya mwezi mmoja haina tofauti ya kupima. Niliweka amri mbili za Stata kwenye kiambatisho ili aone mwenyewe; `lipa` ni kipimo changu, na `goma_baada` ni wateja wa Goma baada ya mlipuko:

```
reghdfe lipa goma_baada, absorb(mkopo mwezi) vce(cluster tawi)
reghdfe lipa goma_baada dola, absorb(mkopo mwezi) vce(cluster tawi)
```

Mistari yote miwili inatoa jibu lilelile kwa `goma_baada`, na `dola` inaachwa.

Ningeweza kuishia hapo, na rasimu ya kwanza ya barua iliishia hapo kwa kiburi. Lakini msimamizi wangu aliuliza: "Na kama wateja wa Goma walikuwa na madeni mengi ya dola kuliko wa Bukavu?" Hapo dola ileile ingewaumiza kwa kiasi tofauti, na kiashiria cha mwezi hakiwezi kulitoa hilo. Ikabidi niangalie mgawanyo wa mikopo ya dola na ya faranga katika kila mji, ambao ulikaribiana, na niongeze kwamba katika mwaka 2021 dola ilikaa karibu na faranga 2,000 bila kuruka. Kwa hiyo jibu langu la mwisho lilikuwa na sehemu mbili: kiwango hakiwezi kuingia kama ulivyoomba, na hofu iliyo nyuma ya ombi lako nimeikagua kwa njia hii. Nadhani sehemu ya pili ndiyo iliyomtuliza. Msomaji anayeomba kitu kisichowezekana mara nyingi ana wasiwasi unaowezekana.

Lipo pia pendekezo lake kwamba niongeze faida ya mwaka ya kopeki, kwani "fedha ni faida". Hilo nililikataa kwa aya moja: faida hutoka mara moja kwa mwaka, nami natafuta tukio la Mei. Hakulirudia tena.

Kisha kulikuwa na maoni mawili yaliyofanana kwa sura, nami nusura niyajibu kwa pamoja.

Moja lilikuwa la Bukavu. "Bukavu haifai kulinganishwa. Wakimbizi wa Goma walikuja huku. Wafanyabiashara wa miji miwili wanategemeana kwa ziwa." Ni kweli kabisa. Mwenyewe nilishuhudia bandarini watu wakishuka na magodoro na watoto. Muuza dagaa wa Bukavu ambaye mzigo wake unatoka Goma aliumia pia. Sasa nikauliza lile swali la daftari: linavutia wapi? Kama mlipuko uliwaumiza kidogo na watu wa Bukavu, basi Bukavu yangu imeshuka pamoja na Goma, na tofauti ninayoipima ni ndogo kuliko ukweli. Kasoro inanipunguzia. Nikiona athari licha ya hiyo, athari ya kweli ni kubwa zaidi. Niliitetea Bukavu, nikakiri kasoro, nikaeleza upande wake, nikaongeza hesabu nyingine isiyo na wafanyabiashara wa Bukavu ambao dosie zao zinasema bidhaa zao hutoka Goma. Pengo liliongezeka kidogo, kama nilivyotarajia.

Kuna msomaji makini atakayeniuliza: na wale wa Bukavu waliouza zaidi kwa sababu wakimbizi walikuja kununua? Hao wangevuta upande mwingine, kweli. Wenye migahawa na wapangishaji wa vyumba hasa. Niliwatafuta kwenye orodha, walikuwa wachache mno kuweza kusogeza kitu, nikaandika hivyo.

Oni la pili lilikuwa mstari mmoja tu: "Hali ya dharura ya kijeshi ilianza Kivu ya Kaskazini Mei 6, 2021. Unaitenganishaje?"

Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya mstari huo. Mei 6 hadi Mei 22 ni siku 16. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, Kivu ya Kusini hapana. Data zangu ni za mwezi, kwa hiyo kwangu mimi hali ya dharura na volkano vilifika Goma siku moja, na Bukavu havikufika vyote viwili. Kama utawala wa kijeshi ulivuruga biashara, vizuizi barabarani, mahakama, chochote, mimi ningekibandika juu ya volkano. Hili linavutia kunikuza. Na ni kosa la kwangu kabisa, maana niliishi miezi hiyo na nilikuwa najua tarehe zote mbili. Sikuwahi tu kuziweka kwenye karatasi moja.

Nilifikiria kutafuta tawi la Kivu ya Kaskazini lililo mbali na volkano, Butembo kwa mfano, lakini kopeki haikuwa na tawi huko. Na hata lingekuwapo, huko kuna vita vyake. Jibu lilikuwa ndani ya Goma kwenyewe. Amri ya Mei 27 ilihamisha kartie 10. Majengo, Mabanga, Bujovu, Virunga, Mapendo zilikuwa miongoni mwake. Himbi, Katindo, Keshero, Ndosho hazikuwamo. Watu wote hao walikuwa chini ya gavana mmoja wa kijeshi, tangu tarehe moja. Ukilinganisha kartie zilizoamriwa kuhama na zisizoamriwa, hali ya dharura inatoka kwenye hesabu kama dola ilivyotoka. Anwani ya mteja iko kwenye dosie. Wateja wa Buhene niliwaweka peke yao, kwa kuwa Buhene iko nje ya mipaka ya mji na ndiko lava ilikofika. Kuwachanganya na waliokimbia tu kungekuwa kuchanganya aliyepoteza nyumba na aliyelala Sake siku kumi.

Ulinganisho huu una udhaifu wake, nami niliuandika kabla hajauuliza. Watu wengi wa kartie ambazo hazikutajwa walikimbia pia. Nani angebaki ardhi ikitikisika? Hilo linapunguza tofauti. Zaidi ya hapo, kartie zilizohamishwa zina masoko na wafanyabiashara wengi, ilhali Himbi na Katindo zina wenye mishahara wengi. Kwa hiyo nilichora mistari ya malipo ya makundi yote mawili kwa miezi ya kabla ya Mei, kuona kama yalitembea pamoja. Yalitembea pamoja, isipokuwa katikati ya 2020, mpaka wa Gisenyi ulipofungwa kwa sababu ya Kovidi. Hapo wafanyabiashara waliteleza peke yao. Niliuacha mchoro ulivyo, na mtelezo wake.

Pengo lilibaki, lakini dogo kuliko la Goma na Bukavu. Sehemu ya nilichokuwa ninakiita volkano huenda ilikuwa kitu kingine. Nilibadilisha hata kichwa cha memwari: badala ya "athari ya mlipuko" nikaandika "athari ya kuhamishwa".

Njia hii ilinisaidia pia kwenye hoja ambayo sikuwa nimejua niijibu vipi. Msomaji wa kwanza alikuwa amezizungushia duara nyota zangu, zile nyota tatu zinazosema matokeo si ya bahati, akaandika: "Matawi saba tu." Nilikuwa nimehesabu kila mkopo wa kila mwezi kama shahidi anayejitegemea, nikapata maelfu ya mashahidi. Lakini wateja wa tawi moja walipigwa na jambo moja kwa wakati mmoja. Kweli nina mashahidi saba. Alinitaka nifanye zoezi la kuchanganya: jifanye hujui matawi gani ni ya Goma, chagua manne yoyote kati ya saba, hesabu tena, rudia kwa machaguo yote. Machaguo ni 35. Hata kama chaguo la kweli linatoa pengo kubwa kuliko mengine yote 34, unachoweza kusema ni moja kwa 35, karibu asilimia 3. Hakuna nyota tatu hapo, haijalishi una mikopo mingapi. Nilipohamia kwenye kartie 18, machaguo ya kupata 10 yalifika 43,758, na hapo zoezi likawa na nafasi ya kupumua. Nyota nilizitoa zote. Badala yake nikaonyesha pengo la kweli linashika nafasi ya ngapi kati ya mapengo ya machaguo elfu moja niliyoyabahatisha.

Barua niliyoituma mwisho ilikuwa na kurasa 11. Kila oni nililinakili lote, neno kwa neno, kwa herufi za mlalo, hata lile la "mchezo". Chini yake nikaandika nilichofanya na ukurasa kilipo, halafu sababu. Nilianza na kitendo kwa makusudi, kwa kuwa katika daftari la kwanza nilikuwa nimeanza kila jibu na "Kwa heshima zote, Mheshimiwa Profesa," kisha aya nzima ya kupinga, mtu asijue kama nimebadilisha kitu au la. Kati ya 23, nilikubali 14, sita nilikubali nusu, tatu nilikataa. Katika hizo tatu, kila moja ilikuwa na jedwali au amri ambayo msomaji angeweza kuijaribu bila kuniamini.

Swali la kwa nini niliishia Oktoba 2021 nililijibu kwa mistari miwili: Novemba mapigano ya M23 yalianza tena upande wa Rutshuru, na kuanzia hapo barabara, wakimbizi na bei vinasimulia hadithi nyingine. Msomaji alitaka hilo liingie kwenye utangulizi. Liliingia.

Wiki tatu baadaye msomaji wa pili alirudisha barua yangu. Aliweka alama ya kukubali mbele ya majibu karibu yote. Kwenye mfano wa mama wa vitenge tu ndipo alipoandika: "Riba umeiweka pembeni. Walipompangia upya, riba ya Juni hadi Agosti ilikwenda wapi? Ikiwa iliingizwa kwenye salio, basi ile 800 si 800."

Nilifungua picha za dosie nilizopiga Goma. Kwenye ratiba mpya salio ni lilelile, na riba ya miezi mitatu imeandikwa chini kwa kalamu, kiasi kidogo, alipe mwisho. Kwa mama huyo 800 ni 800. Lakini nilipofungua dosie ya pili, ya mwanaume fundi seremala, nikakuta salio jipya ni kubwa kuliko la zamani. Nikachukua tena daftari, nikachora mistari mitatu.